Barua Isiyo na Habari Mpya: Ushahidi wa Kumthibitisha au Kutomthibitisha Mfanyakazi Mwishoni mwa Majaribio



Kipindi cha majaribio kinapomalizika, mwajiri huwa na barua moja ya kuandika kati ya tatu: ya kumthibitisha mfanyakazi kazini, ya kumwongezea muda wa majaribio, au ya kusitisha ajira yake. Katika mhadhara huu nitatetea kauli moja kuhusu barua zote tatu. Barua ya mwisho wa majaribio isiwe na habari mpya kwa anayeipokea. Kila sababu iliyomo iwe imekwisha kuandikwa kwenye kumbukumbu yenye tarehe, na mhusika awe amekwisha kuisikia, kuijibu na kupata nafasi ya kujirekebisha. Barua ikitaja jambo ambalo mfanyakazi analisikia kwa mara ya kwanza, basi ama tathmini haikufanyika, ama ilifanyika bila yeye kujua. Uamuzi unaosimama juu ya tathmini ya namna hiyo ni dhaifu, hata ukiwa ni wa kumthibitisha.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo inayoeleza majaribio ni ya nini. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inafuatana na Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Kanuni ya 10 inasema kwamba lengo la majaribio ni kumwezesha mwajiri kupima kwa ufahamu kama mfanyakazi anaiweza kazi na kama anaifaa. Muda wake uwe wa kiasi, usiozidi miezi 12, kulingana na aina ya kazi. Katika muda huo mwajiri anatakiwa kufuatilia utendaji, kukutana na mfanyakazi mara kwa mara kuzungumzia tathmini yake, na kumpa mwongozo pale unapohitajika. Akiwa na wasiwasi, amwambie mhusika na kumpa nafasi ya kujibu au kujirekebisha. Ajira husitishwa baada ya hatua tatu: mfanyakazi ameelezwa wasiwasi huo, amepewa nafasi ya kujibu, na amepewa muda wa kutosha kurekebisha lakini ameshindwa. Katika mchakato huo ana haki ya kuwakilishwa na mfanyakazi mwenzake au chama cha wafanyakazi. Ukiisoma kanuni hiyo kwa utulivu utaona kwamba imekwisha kuipangia barua aya zake: kiwango kilichotakiwa, kilichoonekana, alichoambiwa mfanyakazi, alichojibu, msaada aliopewa, na kilichofuata.

Wapo watakaosema kwamba naipa kanuni uzito kuliko ulionao. Watakumbusha kwamba sheria ya 2004 iliwaondoa wafanyakazi wenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja katika kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Wataongeza kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Madai Namba 61 ya mwaka 2016 iliyomhusu mfanyakazi wa benki, ilisema kwamba kwisha kwa muda wa majaribio hakumfanyi mtu awe amethibitishwa, na kwamba aliye kwenye majaribio hana haki zote za aliyethibitishwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na mwajiri ana haki ya kuitegemea. Lakini tuangalie mipaka yake. Mahakama ilikataa kwamba kalenda peke yake inaweza kumthibitisha mtu. Haikusema kwamba kalenda inaweza kuthibitisha kuwa mtu hafai. Wala kinga dhidi ya ubaguzi haingoji mtu athibitishwe, kwa kuwa sheria hiyohiyo inamlinda hata anayeomba kazi asibaguliwe kwa ujauzito, ulemavu, dini, kabila au sababu nyingine zilizotajwa humo. Mwajiri aliyemwachisha kazi mjamzito kwa barua ya mistari miwili atatakiwa kuonyesha kwamba ujauzito haukuwa sababu, na hatakuwa na kitu cha kuonyesha. Pale ambapo kinga ya mahakamani ni nyembamba, rekodi iliyoandikwa vizuri ndiyo inayobeba haki ya pande zote mbili.

Kuona ushahidi wa namna hiyo unavyokusanywa na kupimwa, tuchukue mfano wa kubuni na tuufuate hadi mwisho. Kampuni ya mikopo midogo imemwajiri ofisa mikopo kuanzia tarehe 1 Februari, kwa majaribio ya miezi sita yanayokwisha tarehe 31 Julai. Siku ya kwanza alipewa maelezo ya kazi pamoja na viwango vitatu vilivyoandikwa. Salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 lisizidi asilimia 5 ya salio lote analosimamia. Kila faili la mkopaji liwe na fomu ya ziara ya biashara, barua ya mdhamini, maelezo ya dhamana na mkataba uliosainiwa. Fedha za marejesho zipelekwe benki au kwa wakala siku ileile zinapopokelewa. Mwezi Julai meneja wa tawi anaandika rasimu ya barua ya kusitisha ajira. Sababu zake ni mbili: mikopo iliyochelewa imefika asilimia 8, na ofisa hana ari ya kazi.

Asilimia 8 inaonekana kumaliza mjadala, maana kiwango ni 5. Lakini takwimu ya utendaji huwa ushahidi baada ya kujibu swali moja: ni kazi ya nani inayopimwa? Tarehe 30 Juni ofisa huyu alikuwa anasimamia salio la shilingi milioni 180, na milioni 14.4 kati yake ilikuwa imechelewa. Tukiligawa salio hilo, milioni 100 ni ya mikopo aliyoikuta, iliyotolewa na mtangulizi wake, na milioni 80 ni ya mikopo aliyoitathmini na kuiombea idhini yeye mwenyewe. Katika mikopo aliyorithi, iliyochelewa ni milioni 12, yaani asilimia 12. Katika mikopo yake ni milioni 2.4, yaani asilimia 3. Fomu ya makabidhiano ya Februari inaonyesha kwamba siku alipoingia, mikopo aliyorithi ilikuwa na salio la milioni 150, na milioni 24 ilikuwa imekwisha kuchelewa, sawa na asilimia 16. Kwa hiyo takwimu iliyotaka kumwondoa kazini imebeba deni la mtu mwingine, na deni hilo limepungua mikononi mwake. Bila fomu ya makabidhiano, jambo hili lisingeonekana kabisa. Ndiyo maana hati ya kwanza ya ushahidi wa mwisho wa majaribio huandikwa siku mtu anapoanza kazi.

Hata hivyo, haki haidai tuichukue tafsiri inayompendelea mfanyakazi kwa urahisi uleule meneja alioichukua inayomkandamiza. Milioni 24 imeshuka hadi 12, lakini imeshukaje? Stakabadhi zinaonyesha kwamba mikopo yenye salio la milioni 9 ilirudi kwenye ratiba kwa sababu wakopaji walilipa malimbikizo yao. Milioni 3 iliyobaki ilitoka kwenye orodha kwa sababu mikopo miwili ilipangwa upya kwa idhini ya meneja. Mkopo uliopangwa upya huacha kuhesabika kuwa umechelewa hata kama hakuna shilingi iliyolipwa, kwa hiyo milioni 3 hiyo isiingizwe kwenye sifa zake. Vivyo hivyo asilimia 3 ya mikopo yake mwenyewe ina udhaifu. Mkopo uliotolewa Mei hauwezi kuwa umechelewa sana kufikia mwisho wa Juni, haujapata muda wa kuharibika. Ofisa anayetoa mikopo mingi mipya karibu na tathmini hupata asilimia nzuri bila kuwa amechagua wakopaji wazuri. Kipimo cha haki ni mikopo 14 aliyoitoa Februari na Machi, ambayo yote imekwisha kupita tarehe tatu za rejesho au zaidi. Kati ya hiyo, 13 inalipwa kwa wakati na mmoja umechelewa kwa siku 40. Hapo ndipo tunapata ushahidi unaohusu uwezo wake wa kumtambua mkopaji, japo ni mdogo kwa hesabu, na barua inapaswa kusema wazi kwamba ni mdogo.

Kiwango cha pili kinatuonyesha upande mwingine wa ushahidi, ule unaomhusu mwajiri. Ukaguzi wa tarehe 22 Aprili ulichukua mafaili 20 ukakuta 7 hayana fomu ya ziara. Hilo ni kosa zito, maana ziara ndiyo inayothibitisha kuwa biashara ipo. Kikao cha tarehe 28 Aprili kiliandikwa kwenye karatasi moja yenye saini mbili. Ofisa alijibu kwamba ziara zilifanyika, ila alikuwa akiandika kwenye daftari lake ili anakili baadaye, na kazi ya kunakili ikalimbikizana. Alileta daftari, na ziara 5 kati ya 7 zikaonekana humo, 2 hazikuonekana. Akaagizwa kujaza fomu palepale kwa mkopaji, akapangiwa siku mbili za kufuatana na ofisa mwenye uzoefu, na tarehe ya ukaguzi wa pili ikatajwa. Ukaguzi wa tarehe 23 Juni ulichukua mafaili mengine 20 ya mikopo iliyotolewa baada ya kikao, ukakuta moja lenye upungufu. Mlolongo huu una thamani kuliko takwimu yoyote, kwa sababu unajibu swali ambalo majaribio yaliwekwa ili yalijibu: mtu huyu akionyeshwa kosa, hufanya nini? Ungekuwa ushahidi mzuri pia kama matokeo yangekuwa kinyume. Tuseme Juni mafaili 8 kati ya 20 hayana fomu, baada ya maelekezo yaleyale na muda uleule. Hapo barua ya kusitisha ajira ingejiandika yenyewe, na ofisa mwenyewe asingeweza kusema hakujua.

Kuhusu ari, rasimu ya meneja haina tarehe wala tukio, na hapa pana pingamizi linalostahili jibu la makini. Husemwa kwamba mambo mengine hayapimiki: ushirikiano, heshima kwa wateja, uaminifu, moyo wa kazi. Kanuni yenyewe inataja kufaa pamoja na kuiweza kazi, kwa hiyo mwajiri ana haki ya kuitazama tabia. Nakubali. Lakini tabia haionekani kazini isipokuwa katika matendo, na matendo yana siku na mahali. Kuandika kwamba mtu hana ushirikiano ni kumhukumu moyo wake. Kuandika kwamba mara mbili mwezi Mei hakuhudhuria kikao cha asubuhi cha tawi bila kutoa taarifa, na kwamba mwenzake alilazimika kupokea wakopaji wake siku hizo, ni kueleza jambo linaloweza kukubaliwa, kukanushwa au kufafanuliwa. Huenda jibu likawa kwamba siku hizo alikuwa kliniki na ruhusa alipewa na msaidizi wa meneja. Meneja akitafuta tukio la kuthibitisha neno lake asilipate, alifute neno hilo. Katika mfano wetu alitafuta, akapata jambo moja tu: mara mbili mwezi Machi fedha zilizopokelewa alasiri zilipelekwa kwa wakala kesho yake asubuhi. Lilizungumzwa, likaandikwa, na halikujirudia. Hilo litaingia kwenye barua mahali pa neno ari.

Sasa barua inaweza kuandikwa, nayo ni ya kumthibitisha. Mwanzo wake ni ule tuliouzoea: kumbukumbu namba, tarehe, jina la mhusika, na Yah: Kuthibitishwa Kazini. Aya ya kwanza inarejea barua ya ajira na kutamka uamuzi mara moja, pamoja na tarehe unapoanza kutumika, ili msomaji asiutafute katikati ya pongezi. Aya zinazofuata zinapita kiwango kimoja baada ya kingine. Mfano wa aya ya mafaili ni huu: “Ukaguzi wa tarehe 22 Aprili ulikuta mafaili 7 kati ya 20 hayana fomu ya ziara. Katika kikao cha tarehe 28 Aprili ulieleza kwamba kumbukumbu zilikuwa kwenye daftari lako. Tulizikuta 5, na 2 hazikuonekana. Baada ya maelekezo tuliyokupa, ukaguzi wa tarehe 23 Juni ulikuta faili 1 kati ya 20 lenye upungufu. Tunaridhika na mabadiliko hayo, na tunatarajia kila faili liwe kamili.” Aya ya mikopo inatenganisha aliyorithi na aliyoitoa, inataja kwamba mikopo miwili ilipangwa upya, na inaeleza kwamba mikopo mingi aliyoitoa bado ni michanga, hivyo itatazamwa tena Desemba. Mwisho ni masharti yanayobadilika baada ya kuthibitishwa, saini ya mwenye mamlaka ya kuajiri, na nakala kwenye faili binafsi.

Huenda mtu akauliza kwa nini barua ya kheri ibebe makosa ya Machi na Aprili. Sababu ni kwamba barua ya kuthibitisha nayo ni ushahidi, na itasomwa tena. Barua inayosema utendaji ni bora katika kila eneo, kisha miezi minne baadaye likaja onyo kuhusu mafaili, inampa mfanyakazi hoja nzito: mlinithibitisha mkijua, na hamkusema neno. Tena barua yenye ukweli wote inamweleza anayethibitishwa ni kitu gani hasa kilichompatia kazi, jambo ambalo sentensi moja ya pongezi haiwezi kulifanya.

Barua ya kuongeza muda ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote, na chanzo kikubwa ni muhali. Msimamizi anaona haya kumwambia kijana wa watu kwamba hakufaulu, hasa akiwa ameletwa na mtu anayefahamika, basi anamwongezea miezi mitatu akitumaini ataondoka mwenyewe. Kanuni ya 10 imeweka sababu ya kuongeza muda: mwajiri hajaweza kupima ipasavyo, na awe ameshauriana na mfanyakazi. Kwa ofisa wetu sababu hiyo ingekuwepo kama tawi lingesitisha utoaji wa mikopo mipya kuanzia Februari hadi Mei, kwa kuwa hapo uwezo wake wa kuchagua wakopaji usingekuwa umeonekana. Akiwa likizoni kwa muda, kanuni inaruhusu kurefusha majaribio kwa kiasi cha likizo hiyo, yeye akiridhia. Kenya imeweka ukuta mgumu zaidi: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka majaribio yasizidi miezi sita, na nyongeza isizidi miezi sita mingine, kwa ridhaa ya mfanyakazi. Barua ya nyongeza iseme ni kipi hakikupimika, kwa nini, kitapimwaje, na lini uamuzi utatolewa. Ikishindwa kujibu hayo manne, uamuzi ulikwisha kufikiwa na umefichwa.

Linabaki pingamizi la wanasheria waangalifu, wanaoshauri mwajiri aandike kidogo kwa kuwa kila sababu inayotajwa inaweza kushambuliwa. Ushauri huo una mantiki kwa mwajiri asiye na rekodi, kwani kwake kila sababu ni dai tupu. Lakini unyamavu haufuti swali, unaliahirisha tu hadi mbele ya msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mwajiri ataeleza sababu kwa mdomo baada ya mgogoro kuanza, na sababu iliyozaliwa baada ya mgogoro huaminika kwa shida. Upepo wa sheria nao unavuma upande huu: mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya waliamua kwamba kumnyima aliye kwenye majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa ni kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Wapo pia wanaotafuta njia ya katikati, yaani kujaza fomu zote za tathmini katika wiki ya mwisho na kuziandikia tarehe za nyuma. Fomu hizo hujifichua. Maneno yake hufanana kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita, saini zote huwa za kalamu moja, na mara nyingi fomu ya Aprili hutaja jambo ambalo halikujulikana hadi Juni. Mwajiri aliyeleta fomu moja kama hiyo amezitia shaka hata zile za kweli.

Mwajiri mdogo atasema hana ofisa rasilimaliwatu wala muda. Mfano wetu hauhitaji vyote viwili. Kilichobeba uamuzi wote ni karatasi ya viwango, fomu ya makabidhiano, kumbukumbu za vikao, na kaguzi mbili za mafaili 20 kila moja, kazi ambayo meneja mzuri angeifanya hata kama pasingekuwa na barua ya kuandika. Kinachohitajika ni kuifanya kwa wakati. Kikao cha mwisho kifanyike wiki nne kabla ya muda kwisha, ili mfanyakazi aisome rasimu ya matokeo na kuijibu. Akikuta humo sababu asiyoijua, meneja airudishe rasimu mezani: sababu hiyo ama iondolewe, ama itolewe wazi kama wasiwasi mpya, ijibiwe, na ipewe muda wake. Kwa ofisa wetu, zoezi hilo liligeuza barua ya kusitisha ajira kuwa ya kuthibitisha, na hakuna aliyeombewa huruma. Kilichofanyika ni kuisoma asilimia 8 hadi mwisho.